Skrinshoti ya Takwimu za Chaneli Isiwe Orodha ya Majina ya Watu

Msimu wa korosho ukikaribia, wauza pembejeo wa Mtwara na Lindi huanza kuulizia chaneli za YouTube za kutangazia bidhaa zao: una watazamaji wangapi, wako wapi? Mwenye chaneli anapiga skrinshoti, anairusha kwa mteja. Malalamiko yanayotufikia yanaanzia hapo.

Tuchukue chaneli ya Masasi iliyorusha video ya bei ya salfa. Mwenye nayo kafungua ukurasa wa "Dashboard" ndani ya YouTube Studio. Ukurasa huo hauna namba tu. Una pia maoni ya karibuni na wafuatiliaji wapya, kwa majina na picha zao. Mkulima mmoja ameandika kwamba malipo ya chama chake cha msingi yamechelewa, akataja kijiji. Mteja alitaka namba, akatumiwa hadi jina la mkulima.

"Lakini komenti ni ya wazi!" Hili tunalisikia kila siku, na linachosha. Mkulima aliandika chini ya video. Hakuandika kwenye tangazo la biashara yako. Akiifuta kesho, itafutika YouTube, ila kwenye grupu la WhatsApp la mteja itabaki. Na maoni yaliyozuiliwa yasubiri ukaguzi hayajawahi kuwa ya wazi: unayaona wewe mwenye chaneli.

Wengine hupaka jina kwa kalamu ya kung'arisha maandishi ya kwenye simu. Rangi ile inapenya. Ukiongeza mwanga wa picha, jina linasomeka. Tumia kisanduku cheusi kisichopenya. Hata hivyo, ukiacha sentensi yenyewe, mtu atafungua video, atashuka kwenye maoni na kuikuta neno kwa neno, jina likiwa juu yake. Kwa hiyo eleza kwa maneno yako: "watazamaji kadhaa waliuliza bei ya mfuko." Ukitaka kunukuu, muombe ruhusa mwandishi, umwambie inakwenda kwa nani, na utunze jibu lake.

Kwa mteja, nenda "Analytics", kisha "Audience". Jumla ya watazamaji, asilimia za umri na jinsia havimtaji mtu. Kata picha ibaki chati, uifungue tena uikague kabla ya kutuma, pamoja na kingo na ujumbe unaoshuka juu ya kioo. (Ndiyo, tumeshaona salio la benki la mwenye chaneli.)

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Anayekusanya au kuchakata taarifa binafsi anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Kufichua taarifa kinyume na lengo la kukusanywa kwake, bila sababu ya msingi, ni kosa: kwa mtu binafsi faini ni kati ya shilingi 100,000 na milioni 20, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Kampuni hutozwa kati ya milioni 1 na bilioni 5. Kila shauri huangaliwa kwa mazingira yake.

Kama umeshatuma, mwombe mteja aifute, umjulishe na mkulima kabla hajaiona kwa jirani.