Aliyempiga Juma ni nani? Amba- na o-rejeshi

Soma sentensi hii: "Mtoto aliyempiga Juma amekimbia." Nani kapigwa? Wengi watajibu haraka kwamba ni Juma. Lakini Juma huyohuyo anaweza kuwa ndiye aliyepiga, na mtoto ndiye aliyekula kofi. Sarufi inaruhusu maana zote mbili.

Utata huu unatokana na jinsi o-rejeshi inavyofanya kazi. Kile kipande cha -ye- ndani ya "aliyempiga" kinaturudisha kwa mtoto, basi. Hakisemi kama mtoto alitenda au alitendwa. Tena, kitenzi chenye o-rejeshi hupenda kukaa bega kwa bega na nomino yake, kwa hiyo mtenda, kama ametajwa kwa jina, husukumwa nyuma: "barua aliyoandika mwalimu", "shamba walilolima wazee". Ndiyo maana "barua mwalimu aliyoandika" inakwaruza sikio, ingawa siku hizi naiona sana kwenye maandishi.

Kwenye barua hakuna shaka, kwa sababu a- ya "aliyoandika" haiwezi kuwa ya barua. Barua ingechukua i-. Kwa mtoto na Juma, a- na -m- zinawafaa wote wawili. Hapo ndipo amba- inapolipa gharama yake. Inabeba kirejeshi nje ya kitenzi, na mtenda anarudi mahali pake pa kawaida: "mtoto ambaye Juma alimpiga" ni tofauti kabisa na "mtoto ambaye alimpiga Juma". Mimi, kama Juma ndiye mkorofi, ningeandika tu "mtoto aliyepigwa na Juma" nikaendelea na safari.

Kuna mahali pengine ambapo hatuna hiari. O-rejeshi huingia kwenye -na-, -li- na -ta- (ambayo hugeuka -taka-: "atakayekuja"), na kwenye kanushi ya -si-. Haiingii kwenye -me-, -ja-, -ki- wala hu-. Hakuna "amefikaye". Kwa -me- mara nyingi tunakimbilia -li- bila kupoteza kitu: "mzee aliyevaa kanzu" bado kaivaa sasa hivi. Kwa -ja- hasara huonekana. Chukua tangazo la shule: "Wanafunzi wasiolipa ada waonane na mhasibu." Ni wale wenye ufadhili, ambao hawalipi kabisa, au wale wanaodaiwa? Ile -si- haina wakati ndani yake. "Wanafunzi ambao hawajalipa ada" haiachi swali, na mwenye ufadhili anabaki darasani kwake.

Amba- inahitajika pia pale mwenye kitu anapotajwa kupitia kitu chake, kama "mama ambaye mtoto wake analazwa leo", na pale kitenzi kingine kinapoingia katikati: "kitabu ambacho nadhani Asha alikinunua".

Nje ya hapo, amba- ni mzigo. Neno lenyewe linatokana na kitenzi cha zamani, kuamba, yaani kusema, ambacho bado kimo ndani ya "ambia" na "kwamba"; ndiyo maana sentensi yenye amba- nyingi husikika kama mtu anayesimama kila hatua ili ajieleze. Jaribu kuiingiza kwenye methali: "Mtu ambaye hasikii la mkuu huvunjika guu." Makosa hakuna, ila methali imekufa.

Tuichukue sentensi ya aina ninayokutana nayo kila wiki ninapohariri habari:

"Kijana ambaye aliiba simu ambayo ilikuwa imewekwa kwenye meza ambayo iko karibu na mlango amekamatwa."

Amba- ya kwanza inaondoka bila ubishi: "kijana aliyeiba simu". Ya pili imefuatwa na "ilikuwa imewekwa", na -me- haipokei kirejeshi, lakini "ilikuwa" inakipokea: "iliyokuwa imewekwa". Tukishafika hapo, "imewekwa" haina kazi tena. Ya tatu haikuhitaji kirejeshi chochote. Tunabaki na: "Kijana aliyeiba simu iliyokuwa kwenye meza karibu na mlango amekamatwa." Kama ulitaka kusema kwamba simu iliachwa pale kwa uzembe, andika "iliyoachwa" na habari inapata uzito wake.

Kosa moja halina utetezi: "kitabu ambacho nilichokisoma". Hapo -cho- imetajwa mara mbili, nje na ndani ya kitenzi. Ukiona amba-, tazama kitenzi kinachofuata. Kama nacho kina kirejeshi cha nomino ileile, kimoja kitoke. Kwa kawaida mimi hufuta amba-, na "kitabu nilichokisoma" kinasimama vizuri.