Kitambaa kinachong'aa kwenye picha: ni cha gauni au cha pazia?

Kila wiki napata meseji za wotsapu za namna hii: picha moja, kitambaa kinang'aa, halafu "fundi hii si hariri? inafaa gauni?" Na karibu kila mara picha imepigwa usiku na flashi. Flashi inafanya kila kitu king'ae, hata polista ya bei ya chini kabisa, kwa hiyo hapo siwezi kusema lolote.

Nichukue ya juzi. Dada mmoja kapata kipande cha mita sita, kijani iliyokolea, muuzaji kamwambia ni hariri. Anataka gauni la sendofu, na kama halifai basi atashona pazia za sebuleni. Nikamwambia apige upya mchana, karibu na dirisha, bila flashi, mwanga uje kwa ubavu, na aweke rula juu ya kitambaa nijue nimezum kiasi gani. Apige mbele, apige na nyuma.

Mbele kinang'aa, nyuma kimefifia, na ukizum huoni vile vimraba vidogo vya uzi mmoja juu mmoja chini, wala huoni mistari ya mshazari kama ya jinzi. Hiyo ni satini. Kwenye satini uzi unapita juu ya nyuzi nne au zaidi ndo unazama chini ya mmoja, kwa hiyo juu kunabaki nyuzi ndefu zimelala na ndo zinazorudisha mwanga. Ndo hizo hizo pia zinazonasa kwenye pete na kucha. Ila satini ni namna ya kusuka tu, inaweza ikawa ya hariri, ya polista, ya viskosi, hata ya pamba.

Kwa hiyo nikamwomba achomoe nyuzi kadhaa pale kilipokatwa, azilaze kwenye karatasi nyeupe (kama kitambaa cheusi karatasi nyeusi haifai, hutaona kitu). Uzi wa pamba ukizum una vinyweleo vinyweleo kwa sababu umesokotwa kwa nyuzinyuzi fupi. Huu wake ulikua laini, mrefu, unang'aa wenyewe, hauna kinyweleo hata kimoja. Hapo pamba nje. Ila picha inaishia hapo jamani, maana hariri, polista na viskosi zote zinaweza kuonekana hivyo hivyo, na anayekuambia kwa picha tu kwamba ni hariri anabahatisha.

Kilichobaki ni moto. Nikamwambia aende nje, sahani yenye maji chini, ashike nyuzi chache kwa kibano sio kwa vidole, awashe ncha. Hariri inanuka nywele zilizoungua na majivu yake unayasaga kwa vidole, viskosi inaungua kama karatasi na kubaki majivu laini. Ya kwake ilijikunja, ikayeyuka, ikatoa moshi mweusi na ikaacha kidonge kigumu cheusi. Polista. (Kikiwa mchanganyiko utaona kidogo cha huku kidogo cha huku, hapo ngumu kusema asilimia.)

Sasa polista sio tusi, magauni mengi ya sherehe ni polista. Kilichoniamulia ni vitu viwili vingine. Kwanza alikitundika kwenye mgongo wa kiti akapiga picha: kilishuka na mikunjo mitatu minene, kimesimama mbali na kiti. Cha gauni la kumwagika kingeshuka na mikunjo mingi myembamba na kulala. Pili upana, pindo hadi pindo, sentimita 280. Vitambaa vya nguo kwa kawaida ni inchi 45 au kama 58 hadi 60, upana huu ni wa pazia.

Gauni la kubana la kitambaa hiki lingemchemsha, hakinyonyi jasho, na mishono ingevutana hasa kiunoni. Sketi pana ya kusimama ingewezekana lakini sio alichotaka. Kwa pazia kiko sawa kabisa, na polista inavumilia jua la dirishani kuliko hariri, ambayo jua linaichakaza mpaka inapasuka.

Hesabu yake: upana wa 280 unaugeuza uwe urefu wa pazia, kwa hiyo hakuna kuunga. Fimbo yake ni mita 2.8, mara mbili kwa ajili ya mikunjo inakua 5.6, inabaki sentimita 40 za kukunjia pembeni. Kutoka fimbo hadi chini ana mita 2.4, kwa hiyo pindo la juu na la chini linatosha vizuri tu. Ila vipande vyote vitundikwe upande mmoja, ukigeuza kimoja juu chini mng'ao unabadilika na utadhani ni rangi mbili. Na pasi iwe ya moto mdogo, upande wa nyuma.