Mofini ya maji kwa mtoto: usisubiri alie

Sista, daktari kamwandikia mwanangu mofini. Hiyo si dawa ya mtu anayekufa?

Hapana. Mofini ni dawa ya maumivu makali, yale ambayo panadoli na diklofenaki zimeshindwa kuyatuliza. Wapo watoto wanaoinywa huku wakiendelea na matibabu, na maumivu yakiondoka daktari huishusha polepole mpaka wakaiacha. Usiikatishe ghafla mwenyewe, basi. Na mtoto anayeinywa kwa ajili ya maumivu, kwa kipimo alichoandikiwa, hageuki teja.

Anaanzia kiasi gani?

Kilo ndizo zinazoamua. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 huanzia kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa kila kilo, na dozi hiyo ya kwanza haipaswi kuvuka miligramu 5. Wengi huanzishwa chini, kisha hupandishwa. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja hupewa kidogo zaidi na kwa uangalizi wa karibu, kwa hiyo hesabu hii usimpelekee yeye. Mwenye tatizo la figo naye ana hesabu yake.

Nitumie mfano wa binti wa miaka 6 aliyeletwa na mama yake kutoka Mbagala, mwenye uvimbe wa saratani kwenye paja. Uzito wake ulikuwa kilo 20. Mara 0.2 ni miligramu 4. Dawa yake ilikuwa ile ya miligramu 5 katika mililita 5, yaani kila mililita moja ina miligramu moja, kwa hiyo alitakiwa kunywa mililita 4. Kuna mofini nyingine kali ya miligramu 50 katika mililita 5. Mililita 4 za hiyo ni dozi mara kumi. Soma lebo kila unapopewa chupa mpya, hata kama ya zamani ilikuwa na rangi ileile.

Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kijiko cha chai usikitumie. Vya nyumbani havilingani. Na chupa ifungiwe mahali watoto wengine hawafikii.

Akitulia si nisubiri mpaka alie tena?

Usisubiri. Hili ndilo ninaloliona kila wiki, na ndilo linalowatesa watoto bure.

Yule mama wa Mbagala alirudi siku ya tatu akasema dawa haifanyi kazi, mtoto analia usiku kucha. Nikaomba chupa. Kwa siku tatu ilitakiwa imetoka mara 18. Ilikuwa imetoka mara 5. Alikuwa akimpa pale tu kilio kilipozidi, kwa nia njema, akiona anaibana dawa isimzidi mtoto.

Mofini ya maji huanza kufanya kazi ndani ya nusu saa hivi, na nguvu yake hudumu saa nne. Ukingoja kilio, maumivu yameshapanda, na dozi ileile ambayo ingeyazuia sasa inayakimbiza kwa nyuma. Mtoto anakaa nusu saa nyingine akiumia. Kwa hiyo mpe kila baada ya saa nne, anaumia au haumii. Kutokuumia kwake ni kwa sababu dawa imo mwilini.

Tena si kila mtoto anayeumia hulia. Yule binti alikuwa amelala kimya ubavuni, mguu ameukunja, hataki kuguswa wala kuangalia katuni. Mama yake aliita hali ile kutulia. Mtoto mwenye maumivu makali ya muda mrefu hunyamaza kwa sababu kusogea kunauma. Usisubiri kilio, wengine hawana nguvu za kulia.

Saa zenyewe ni zipi? Na usiku nimwamshe?

Saa zetu zinasaidia: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, kisha saa 12 jioni, saa 4 na saa 8 usiku. Namba tatu tu, mara mbili. Hospitali wakikuandikia 10:00, hiyo ni saa 4 asubuhi. Nimeona mzazi akiisubiri mpaka saa 10 jioni. Waambie wakuandikie kwa saa unazozitumia.

Ndiyo, saa 8 usiku mwamshe. Weka kengele kwenye simu. Ukiiruka, saa 12 asubuhi atakuwa amekaa saa nane bila dawa, na siku nzima mtakuwa mnayakimbiza maumivu. Usimjumlishie dozi mbili kwa mkupuo ili ulale, isipokuwa timu yake imekuelekeza.

Na maumivu yakija kabla ya saa?

Kuna dozi ya nyongeza, iandikwe kwenye karatasi yako. Ya yule binti ilikuwa mililita 2. Kila unapoitoa, andika. Alipoanza kunywa kwa saa, siku ya kwanza alihitaji nyongeza tatu: miligramu 6 juu ya 24 za kawaida, jumla 30. Daktari aligawa kwa sita, dozi mpya ikawa mililita 5 kila saa nne. Bila maandishi ya mama hesabu hiyo isingewezekana. Kupandisha ni kazi ya daktari. Yako ni kuandika.

Tangu aanze amelala tu. Imemzidi?

Siku mbili tatu za mwanzo usingizi ni wa kawaida. Mtoto ambaye hajalala wiki nzima kwa maumivu analipa deni. Mwite jina. Akifumbua macho, akajibu, akanywa maji kisha akalala tena, endelea kumpa kwa saa zake.

Akiwa haamki vizuri hata ukimtikisa, usimpe dozi inayofuata. Hesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa umri wa miaka 6, chini ya 12 ni hatari. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo na chupa yake, usingoje kupambazuke. Usingizi ukirudi ghafla baada ya siku nyingi za uchangamfu, hasa akiwa ameharisha au hakojoi, mpeleke pia: mofini hutoka kwa mkojo, na figo zikilegea hujikusanya.

Hajapata choo siku ya nne. Niache mofini?

Usiache mofini, dawa ya choo ndiyo ilitakiwa ianze naye siku moja. Mofini hupunguza mwendo wa utumbo, na utumbo hauizoei kama kichwa kinavyouzoea usingizi. Papai na maji vinasaidia, peke yake havitoshi. Yule binti alipewa laktulosi mililita 10 asubuhi na jioni. Huchukua kama siku mbili kuonekana, kwa hiyo usiitupe baada ya siku moja.

Akianza kutoa majimaji kidogokidogo kwenye chupi baada ya siku bila choo, usidhani anaharisha ukaacha dawa ya choo. Mara nyingi ni majimaji yanayopenya pembeni ya kinyesi kigumu kilichoziba. Mlete tumpime tumbo. Usimwingize kitu chochote njia ya haja kubwa nyumbani, hasa aliye kwenye dripu za saratani, maana anaweza kuvuja damu au kupata maambukizi. Tumbo likijaa, likawa gumu na akatapika, njoo siku hiyohiyo.