Kupatanisha wawili kwenye timu: acha kuwaita pamoja siku ya kwanza

Wiki hii tena kiongozi mmoja kanipigia. Ana watu wawili hawaongei, kawaita ofisini, kawaambia kila mtu atoe la moyoni, wakatoa kweli, mwisho wakapeana mikono, na sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo. "Nimekosea wapi?" Nikamuuliza, kabla ya kuwaita uliongea na kila mmoja peke yake? Kimya. Halafu: "Si ningeonekana nateta na mmoja?"

Jamani. Hii imani sijui nani kaisambaza, kwamba haki ni kuwaketisha wote kwa pamoja ili asiwepo wa kusikilizwa kwa siri. Mtu akisikia tuhuma zake kwa mara ya kwanza mbele ya bosi wake hawezi kusikiliza, anajitetea, na anayesema naye haongei na mwenzake tena, anaongea na wewe ili umpe ushindi. Dakika kumi tu na wewe ni hakimu. Ile mikono wanayopeana mwishoni ni njia ya kutoka chumbani, basi.

Kabla sijaendelea: kama kuna vitisho, wizi, mtu kapigwa au kuna unyanyasaji wa kingono, hilo si la kupatanisha, linakwenda kwenye taratibu za nidhamu. Usimketishe mtu na aliyemnyanyasa ati wayamalize.

Sasa nieleze kwa kesi moja niliyoisimamia mwenyewe nikiwa kiongozi wa timu. Kaka mmoja wa mauzo na dada mmoja wa ghala, nitawaita hivyo hivyo, Mauzo na Ghala. Usiku mmoja saa tano Mauzo kaandika kwenye grupu la kazi: "Naona mzigo wa mteja haujatoka tena, sijui tunafanya kazi au tunapiga soga." Ghala hakujibu. Kuanzia kesho yake akawa hapokei simu ya Mauzo, kila kitu anataka kwa maandishi na sahihi, na wiki tatu baadaye hata wasiohusika walishachagua upande.

Niliwaona siku moja, mmoja baada ya mwingine, kama dakika 45 kila mmoja, na kila mmoja nilimwambia wazi kwamba na mwenzake namwona leo leo. Hiyo ndiyo dawa ya "nateta na mmoja". Maneno ya kufungulia ni yale yale kwa wote: sijaja kutafuta mkosaji, utakachoniambia sitakipeleka kwa mwenzio bila ruhusa yako, ila ukiniambia kuna vitisho au sheria imevunjwa siwezi kukaa kimya. Hicho kipande cha mwisho viongozi wengi wanakiruka, wanaahidi siri ya kaburini, halafu wanaambiwa jambo zito na hawajui walipeleke wapi.

Kisha maswali, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kila mtu anaanza na "ana dharau". Sawa, lakini dharau ni hukumu, mi nataka tukio. Kwa hiyo nauliza, ungekuwa umeshika kamera ungerekodi nini? Ghala akanyamaza kidogo, akasema: oda inaingia saa kumi na moja jioni imeandikwa "ya kesho asubuhi", wiki ile ilitokea mara nne, yeye anabaki kufungasha na Mauzo keshaondoka. Mauzo naye kamera yake ilionyesha mteja anampigia usiku kuuliza mzigo, yeye hajui umetoka au haujatoka, akimpigia Ghala hapati jibu kwa sababu Ghala bado anafungasha, na mahali pekee anapojibiwa haraka ni kwenye grupu. Kila mmoja alikuwa anaona nusu ya siku ya mwenzake.

Na hakuna aliyewahi kuweka saa ya mwisho ya kupokea oda. Nani alitakiwa kuiweka? Mimi. Mara nyingi ukichimba ugomvi wa watu wawili kazini unakuta mpaka ambao kiongozi hakuuchora, na hapo wengi wanaacha kuchimba.

Swali la kufungia kile kikao cha pembeni: kati ya uliyoniambia, lipi nilitaje na lipi nisilitaje? Ghala hakutaka Mauzo ajue kwamba alilia. Sikutaja.

Kikao cha pamoja kilikuwa kesho yake. Usikiweke wiki ijayo, mashabiki wa pande zote watawajaza maneno. Nilianza na kosa langu la saa ya oda, ikapunguza joto kidogo, halafu sheria mbili tu, hakuna kukatizana na tunaongea matukio, si tabia. Na kabla ya kujibu, unarudia kwanza ulichosikia mpaka mwenzio akubali kwamba ndicho alichosema.

Ghala akasema oda za jioni zinamfanya aondoke usiku. Mauzo akarudia: "Anasema hataki kazi za jioni." Ghala: "Sijasema hivyo." Akajaribu tena, akakosa tena. Mara ya tatu: "Anasema mi naondoka, yeye anabaki, halafu usiku namsema mbele ya watu." Ghala akamwangalia kwa mara ya kwanza siku ile. "Ndiyo hivyo."

Niseme ukweli, hii ya kurudia si kila mtu anaiweza. Nimewahi kukutana na mtu aliyerudia kwa sauti ya kuigiza, ikawa kejeli, nikasimamisha kikao. Na kuna jambo linanisumbua zaidi, sijapata jibu lake mpaka leo: mi ndiye ninayewafanyia tathmini ya kazi, sasa nitajuaje kama wamekubaliana au wamenikubalia mimi? Wakikubali haraka mno, au wakiwa wanaongea wananitazama mimi badala ya kutazamana, navunja kikao narudi kwa mmoja mmoja, au namwomba kiongozi wa timu nyingine asiyewasimamia aendeshe.

Kuhusu msamaha, usiulazimishe. Nilimuuliza Ghala anataka nini, akasema hataki pole, anataka apigiwe simu kabla mteja hajaahidiwa.

Makubaliano yawe kitu unachoweza kukiona kwa macho. "Tutaheshimiana" sikuiandika, maana Jumanne nitaikaguaje? Tuliandika hivi: oda zinafungwa saa tisa alasiri, baada ya hapo Mauzo anampigia Ghala kwanza ndipo anaahidi. Ghala kabla ya kuondoka anamtumia Mauzo orodha ya mizigo ambayo haijatoka. Malalamiko hayaendi kwenye grupu. Wakasoma, Ghala akaongeza kwamba akisema haiwezekani asibembelezwe, Mauzo akaguna, akakubali.

Baada ya wiki mbili nikawaona tena, mmoja mmoja, maana wakiwa pamoja kila mtu atasema "tuko poa". Nikasikia kwamba siku ya tisa mteja mkubwa alileta oda saa kumi, Mauzo akapiga simu, Ghala akasema haiwezekani, na Mauzo akamrudia mteja akamwambia keshokutwa. Mteja alinuna. Orodha nayo Ghala alisahau mara mbili, Mauzo akamkumbusha kwa meseji ya pembeni. Urafiki haujarudi, wakimaliza maongezi ya kazi kila mtu anashika njia yake, na sikuwauliza chochote kuhusu hilo.