Flaiwili ya vipande viwili: inavyotuliza mapigo ya injini kabla hayajafika kwenye giaboksi

Flaiwili ya kawaida ni sahani moja nzito ya chuma iliyofungwa nyuma ya kranki shafti. Flaiwili ya vipande viwili ni sahani mbili zilizokaa kwenye mhimili mmoja. Ya kwanza imefungwa kwenye kranki, ya pili inabeba klachi, na katikati yake kuna springi ndefu zilizopinda zikilala ndani ya grisi nzito. Ukiishika mkononi unaweza kuzungusha sahani moja huku nyingine imetulia, mpaka springi zianze kukukatalia. Kampuni ya LuK ya Ujerumani ilianza kuitengeneza kwa wingi mwaka 1985, na leo imejaa kwenye magari ya dizeli yenye gia za mkono, zikiwemo Hilux za D-4D lita 3.0, Navara na Ranger tunazoziona kila siku barabarani.

Kinachofanya ihitajike ni namna injini inavyotoa nguvu. Injini ya mipigo minne yenye silinda nne huwasha silinda mbili katika kila mzunguko wa kranki. Silinda inapowaka, kranki husukumwa kwa nguvu na kuongeza kasi. Mara tu baada ya hapo silinda inayofuata inabana hewa, na kranki inapungua kasi. Kwa hiyo injini ambayo mita inasema inazunguka mara 800 kwa dakika kwa kweli inapanda juu ya 800 na kushuka chini yake karibu mara 27 kila sekunde. Dizeli inabana hewa zaidi ya petroli na huwaka kwa ukali zaidi, hivyo kupanda na kushuka huko ni kukubwa zaidi. Turbo za kisasa zimeongeza tatizo, kwa sababu zinatoa nguvu nyingi mapema: injini ya 1KD, ile D-4D ya lita 3.0 kwenye Hilux ya gia za mkono, hutoa nguvu ya kuzungusha ya Nm 343 kuanzia mizunguko 1,400 tu, mahali ambapo mapigo yameachana na kila moja ni zito.

Giaboksi haipendi mapigo hayo. Ndani yake gia zote za mbele zimeshikana meno muda wote, hata zile ambazo hujazichagua. Gia uliyochagua inabeba mzigo, kwa hiyo meno yake yamebanwa upande mmoja. Nyingine zinazunguka bure, na kati ya meno yake kuna nafasi ndogo ambayo lazima iwepo. Shafti ya kuingilia inapoharakishwa na kuzuiliwa mara 27 kwa sekunde, meno hayo yanarukaruka ndani ya nafasi hiyo na kutoa mlio wa kokoto kwenye kopo. Ndiyo maana mlio huo husikika gari likiwa nyutro na hupotea ukikanyaga klachi: umeikata shafti isipokee mapigo.

Zamani kazi ya kutuliza iliachiwa springi fupi zilizomo kwenye plati ya klachi. Zilisaidia, lakini si mahali palipohitaji zaidi. Chochote chenye uzito kilichofungwa kwenye springi kina kasi yake ya asili ya kutikisika. Ukikisukuma polepole kuliko kasi hiyo, kinafuata mkono wako. Ukikisukuma kwa kasi hiyohiyo, mtikisiko unakua kila unaposukuma, kama mtoto kwenye pembea anayesukumwa kila anaporudi. Ukikisukuma kwa kasi kubwa zaidi sana, hakiwahi kuitikia, na karibu kinatulia. Hali hii ya mwisho ndiyo tunayoitaka kwa giaboksi.

Kwenye gari lenye flaiwili ya kawaida, kasi ya asili ya upande wa giaboksi huangukia kati ya mara 40 na 70 kwa sekunde. Tuchukue 50. Kwa silinda nne, mapigo 50 kwa sekunde ni mizunguko 1,500 kwa dakika, yaani palepale dereva anapopenda kuendeshea ili kuokoa mafuta. Hata kwenye sailensa ya 800, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, hesabu si nzuri: ukiacha msuguano pembeni, mtikisiko unaofika kwenye giaboksi ni karibu mara 1.4 ya ule uliotoka kwenye injini. Springi zinauongeza badala ya kuupunguza.

Ili kushusha kasi ya asili kutoka 50 hadi 10, ambayo ni mara tano, haitoshi kulegeza springi mara tano. Kipeo cha pili cha kasi hiyo ndicho kinachofuata uwiano wa ugumu wa springi na inesha inayoning'inia juu yake, yaani ukaidi wa uzito unaozunguka kubadili kasi, kwa hiyo uwiano huo lazima ushuke mara 25. Plati ya klachi haina nafasi ya springi laini kiasi hicho, kwani zingebanwa mpaka mwisho kabla nguvu kamili ya injini haijapita. Flaiwili ya vipande viwili inatatua hilo kwa kugawana kazi. Springi zake ndefu zinakaa ukingoni mwa duara, penye nafasi, hivyo zinaweza kuwa laini na bado zikazunguka digrii nyingi kabla ya kubana. Wakati huohuo sehemu ya uzito wa flaiwili imehamishwa ng'ambo ya springi, upande wa giaboksi, na inesha ya upande huo imepanda sana.

Sasa rudia hesabu ukiwa na 10. Kwenye sailensa ya 800, mtikisiko unaopita ni karibu asilimia 16 tu ya uliotoka kwenye kranki. Kwenye 1,500, ambapo gari la zamani lilikuwa linanguruma, unapita takriban asilimia 4. Haya ni makisio ya hesabu rahisi, na gari halisi lina msuguano na shafti za magurudumu zinazobadilisha namba, ila mwelekeo ndio huo.

Mahali uzito ulipohamishiwa pana siri ndogo. Mtu angeweza kuuliza kwa nini usiongezwe tu kwenye shafti ya giaboksi. Ungeongezwa hapo, sinkronaiza, zile pete zinazolinganisha kasi za gia kabla hazijashikana, zingelazimika kuusimamisha na kuuharakisha kila unapobadili gia, na zingekwisha haraka. Sahani ya pili iko kabla ya klachi: ukikanyaga, uzito huo unabaki upande wa injini na shafti ya giaboksi inabaki nyepesi.

Gharama ya mpango huu imejificha kwenye namba hiyohiyo 10. Mapigo 10 kwa sekunde, kwa silinda nne, ni mizunguko 300 kwa dakika. Kasi mbaya haijafutwa, imesukumwa chini ya sailensa, na injini lazima ipite hapo kila inapowashwa na kila inapozimwa. Stata yenyewe huzungusha injini karibu na hapo. Ikiwaka haraka, inavuka eneo hilo kabla mtikisiko haujakua. Betri ikiwa dhaifu, stata imechoka, au injekta zinavuja hivyo injini inahangaika sekunde kadhaa kabla ya kushika, sahani mbili zinapigana huku springi zikigonga mwisho wake kwa kishindo. Baadhi ya flaiwili zinazolaumiwa kuwa mbovu kwa asili zimeuawa na betri.

Njia ya pili ya kuiua ni kupanda mlima na mzigo kwa gia ya juu huku mizunguko iko 1,100 na mguu uko chini kabisa. Nguvu ya wastani peke yake inakuwa imezibana springi karibu na mwisho, na pigo linalofuata halikuti nafasi ya kulainishwa. Njia ya tatu ni joto la klachi inayoteleza. Sahani ya pili ndiyo uso wa klachi, kwa hiyo joto linaingia moja kwa moja ndani. Grisi inalegea na kutoka, springi zinasuguana na mfereji wake zikiwa kavu, na bushi au beringi ya katikati inalika. Grisi hiyo hairudishiki, kwa sababu flaiwili imefungwa kwa kulehemu.

Chukua Hilux ya 1KD inayotoa mlio wa "ga-ga-ga" wakati wa kuzima na kutetemeka wakati wa kuwaka. Kabla ya kushusha giaboksi, pima volti za betri stata ikiwa inazunguka. Ikishuka chini ya 9.6, anza na betri na nyaya zake. Kisha soma kwa skana marekebisho ya kila injekta kwenye sailensa. Kwenye injini hii, injekta inayopita milimita za ujazo 3 juu au chini ya sifuri inatiliwa shaka, na silinda isiyowaka sawa na wenzake inaleta pigo la polepole ambalo flaiwili haikupangiwa kulizuia. Ukibadilisha flaiwili na kuacha injekta, mpya itafuata njia ya ile ya zamani.

Giaboksi ikishashuka, zungusha sahani ya pili kwa mkono kulia na kushoto. Lazima usikie springi inakataa na kurudisha. Ikizunguka bure kabisa, ikikwama, au ikitoa mgongano wa chuma, imekwisha. Itikise pia mbele na nyuma ukingoni, kwani mchezo mkubwa unaonyesha bushi imelika. Hakuna kipimo kimoja kinachofaa kwa zote: digrii na milimita zinazoruhusiwa hutolewa kwa namba ya kipuri, na kukisia kwa macho kumetupisha flaiwili nzima nyingi. Nyufa usoni, au grisi iliyotapakaa ndani ya kifuniko, hazina mjadala. Usipeleke uso wake kuchongwa kwenye mashine kama flaiwili ya kawaida, na usiioshe kwa dizeli wala maji ya presha, kwa sababu yanaingia kwenye grisi. Bolti za kuifunga kwenye kranki, pale mtengenezaji alipotumia zile zinazovutika, ni za kutumika mara moja.

Kwa sababu ya bei, wengi hununua seti ya kugeuza: flaiwili nzima ya kipande kimoja na plati yenye springi. Gari litatembea, na kwa anayebeba mzigo mzito kwenye barabara mbaya uamuzi huo unaeleweka. Ila kasi ya asili inarudi kule kwenye mizunguko 1,200 hadi 2,100. Utasikia kokoto kwenye giaboksi gari likiwa nyutro, mngurumo ukikanyaga mafuta chini ya 2,100, na mapigo yote sasa yanabebwa na springi ndogo za plati, meno ya gia na beringi zake. Ukishafunga seti hiyo, shusha gia mapema ili injini ibaki juu ya 2,100 inapovuta, na ukague springi za plati kila klachi inapofunguliwa.