Muamala uliokwama kati ya benki na simu: pesa iko upande gani?

Tuchukue mfano wa mnunuzi wa mahindi katika soko la nafaka la Kibaigwa, wilayani Kongwa, ambaye saa kumi na moja jioni anahamisha shilingi 450,000 kutoka akaunti yake ya benki kwenda kwenye simu ili amlipe mkulima. Ujumbe wa benki unaingia kwamba akaunti imekatwa. Ujumbe wa mtandao wa simu hauji, na mkulima bado amesimama kando ya magunia yake.

Dhana: Pesa imekwama hewani.

Kati ya benki na mtandao wa simu husafiri maelekezo tu, kwa kuwa kila upande una daftari lake. Benki hupunguza akaunti ya mteja, huandika kiasi hicho katika akaunti yake ya ndani ya kusubiria, kisha hutuma ombi kwa mtandao wa simu, ama moja kwa moja ama kupitia TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo unaoendeshwa na Benki Kuu ya Tanzania. Mtandao ukikubali, huongeza salio la mteja na kurudisha jibu.

Hivyo kuna uwezekano wa aina mbili. Huenda ombi halikufika au lilikataliwa, na pesa bado iko benki. Au lilifika, salio likaongezwa, lakini jibu likapotea njiani. Kwa benki ambayo haikupata jibu, hali hizi mbili hazitofautiani hata kidogo, na ndiyo maana benki makini hairudishi pesa papo hapo, kwa sababu ikirudisha ilhali salio la simu limekwisha kuongezwa, mteja atakuwa amelipwa mara mbili. Ucheleweshaji huu unaumiza, nami sipendi kuona mtu akilala bila mtaji wake, lakini una sababu.

Dhana: Ujumbe usipokuja, pesa haijaingia.

Ujumbe hutumwa baada ya daftari kuandikwa, na unaweza kuchelewa peke yake. Kwanza angalia salio na orodha ya miamala ya karibuni katika menyu ya simu.

Dhana: Aliyekata ndiye anayeshikilia pesa.

Mara nyingi ni kweli, lakini si kila mara, na hapa ndipo watu wengi huzungushwa. Ukiuliza tu "pesa yangu iko wapi?", kila upande utakuelekeza kwa mwenzake. Mnunuzi wetu na aupigie mtandao wa simu akiwa na kumbukumbu namba ya benki, namba ya simu iliyopaswa kupokea, kiasi na saa ya muamala, kisha aulize: je, ombi hili lilifika, na lilikubaliwa au lilikataliwa? Kila upande hutoa kumbukumbu namba yake, kwa hiyo mhudumu asipoiona ile ya benki aombwe atafute kwa kiasi na saa. Ikiwa ombi halionekani au lilikataliwa, pesa iko benki. Ikiwa lilikubaliwa, aombe kumbukumbu namba ya upande wa simu, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoonyesha salio la nani liliongezwa.

Upande wa pili wa safari, yaani kutoka simu kwenda benki, una mtego wake. Mtandao wa simu hukata salio na kuikabidhi benki malipo hayo, na simu inaweza kusema muamala umekamilika huku taarifa ya akaunti ikiwa haina kitu, kwa mfano pale namba ya akaunti ilipokosewa na benki ikashindwa kujua mwenyewe ni nani. Hapo aliyekata ni mtandao wa simu, lakini pesa inaweza kuwa imekaa benki katika akaunti ya ndani, ikisubiri mtu aje aidai kwa kumbukumbu namba.

Dhana: Ukirudia, muamala wa kwanza utajifuta.

Kila jaribio huwa muamala mpya wenye namba yake, na yote mawili yanaweza kupita. Mnunuzi wetu akilazimika kurudia, heri atume kiasi tofauti, mathalani 451,000, ili muamala mmoja usichanganywe na mwingine wakati pande mbili zinapolinganisha orodha zao za miamala. Ulinganisho huo ndio unaofichua ombi lililobaki bila mwenzake.

Mtandao wa simu ukimjibu mnunuzi wetu kwamba ombi halikufika, apeleke malalamiko benki kwa maandishi, akitaja jibu hilo pamoja na tarehe na saa alipolipata, na apewe namba ya malalamiko. Benki isipomridhisha ndipo anaweza kulifikisha suala Benki Kuu, ambayo ina ofisi hapa Dodoma. Pesa ikirudi itaingia katika akaunti ya benki, si kwenye simu, kwa hiyo asiitafute mahali pengine. Na aangalie kama makato ya muamala ule nayo yamerudishwa.