Maliza chupa au maliza siku? Lebo ya amoksilini ya maji ya mtoto

Katika dirisha la dawa, mzazi au mlezi anayepokea amoksilini ya maji huondoka na maelekezo mawili: yale aliyoambiwa kwa mdomo, ambayo mengi huwa yameshasahaulika kabla daladala haijafika Ngamiani au Pongwe, na yale yaliyoandikwa kwenye chupa, ambayo ndiyo atakayoyategemea usiku mtoto atakapokuwa analia. Sisi wafamasia tunaohudumia watoto hapa Tanga tumezoea kuhitimisha maandishi hayo kwa maneno “maliza dawa yote”. Kwa vidonge vilivyohesabiwa maneno hayo yanatosha, kwa kuwa mgonjwa amepewa idadi ileile anayopaswa kumeza. Kwa dawa ya maji hayatoshi, na mara nyingine yanapotosha, kwa sababu chupa hutengenezwa kiwandani kwa ujazo maalumu, kama mililita 60 au 100, bila kujali mtoto ana kilo ngapi.

Tuchukue mtoto wa miezi kumi mwenye kilo 9, aliyeonekana kliniki Jumatatu jioni kwa kikohozi na kupumua kwa kasi, akaandikiwa amoksilini kwa ajili ya nimonia. Kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mtoto wa uzito huo hupewa miligramu 250 mara mbili kwa siku kwa siku 5. Vidonge vya watoto vinavyoyeyuka katika maji ndivyo vinavyopendekezwa kwanza, ila visipokuwepo hutolewa dawa ya maji. Ikiwa chupa iliyopo dirishani ni ya mililita 100 na kila mililita 5 ina miligramu 250, mtoto huyu atakunywa mililita 5 asubuhi na mililita 5 usiku. Hizo ni dozi 10, yaani mililita 50, na chupani itabaki nusu nzima.

Mama aliyesoma “maliza dawa yote” anaitazama nusu hiyo na kufanya moja kati ya mambo mawili. Wa kwanza anaendelea kumpa mtoto kwa siku 5 nyingine, kwa kuwa ndivyo lebo ilivyosema. Wa pili anaona mtoto amechangamka, anafunga kizibo vizuri na kuiweka chupa kabatini, ili mdogo wake au mtoto wa jirani akikohoa mwezi ujao dawa iwepo. Wote wawili wamekosa, na kosa limetoka kwenye lebo. Amoksilini ikishachanganywa na maji huanza kupungua nguvu, na aina nyingi hazitumiki zaidi ya siku 7 baada ya kuchanganywa, muda ambao umeandikwa na kiwanda kwenye chupa au boksi. Baada ya hapo, na hasa katika joto letu la pwani, kinachobaki chupani kina ladha ileile na rangi ileile, lakini nguvu yake hakuna anayeweza kuithibitisha.

Kwa hiyo, mahali pa “maliza dawa yote” tunapaswa kuandika siku na saa ya dozi ya mwisho. Kwa mtoto wetu, ambaye alipewa dozi ya kwanza palepale dirishani Jumatatu saa 1 usiku, hesabu ni hii: usiku wa Jumatatu dozi moja, kisha dozi mbili kila siku kuanzia Jumanne hadi Ijumaa, na dozi ya kumi ni Jumamosi saa 1 asubuhi. Mzazi akiandikiwa “siku 5” peke yake, huenda akahesabu Jumatatu kuwa siku nzima na kusimama Ijumaa usiku, akiwa amekosa dozi moja. Lebo yake ingesomeka hivi:

Mtoto: (jina kamili), kilo 9
TIKISA CHUPA KABLA YA KILA DOZI.
Mpe mililita 5 saa 1 asubuhi na mililita 5 saa 1 usiku. Pima kwa bomba ulilopewa, usitumie kijiko cha nyumbani.
Dozi ya mwisho: Jumamosi (tarehe) saa 1 asubuhi.
Dawa itabaki chupani. Iliyobaki usimpe mtu yeyote. Irudishe dirisha la dawa.
Amoksilini, miligramu 250 katika kila mililita 5. Imechanganywa Jumatatu (tarehe).

Sentensi ya “dawa itabaki chupani” inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomwondolea mama wasiwasi kwamba amekosea kupima. Msomaji ataona pia kwamba nguvu ya dawa imewekwa chini kabisa, mbali na mstari wa kipimo. Sababu ni kwamba mtu anayesoma haraka kwa mwanga wa simu akikuta “250” na “5” katika mstari mmoja hawezi kujua kwa uhakika ipi ni kazi yake na ipi ni ya mfamasia. Mzazi anahitaji namba moja tu ya kupimia, nayo ni ya mililita.

Nguvu hiyo haiwezi kufutwa kabisa, kwa sababu amoksilini hiyohiyo hupatikana pia ikiwa na miligramu 125 katika mililita 5. Duka likiishiwa na ya 250, mtoto wetu atahitaji mililita 10 kila dozi, na chupa ya mililita 100 inakwisha yote, bila akiba ya kinachomwagika. Mama aliyewahi kupewa ile ya kwanza na akakumbuka “mililita tano” atampa mtoto nusu ya dozi kwa siku zote 5. Kila dawa inapobadilishwa, lebo iandikwe upya kutoka mwanzo. Kukata namba ya zamani kwa kalamu na kuandika mpya juu yake hakufai.

Upande wa kipimo, adui mkubwa ni mazoea yetu wenyewe ya kuandika kwa kifupi. Kwenye bahasha ya vidonge “1 x 2” inaeleweka kwa karibu kila mtu. Tunapohamisha mtindo huo kwenye chupa na kuandika “5 x 2”, mlezi ana haki ya kuuliza tano nini, na asipouliza anaweza kusoma vijiko vitano mara mbili, ambavyo kwa kijiko cha plastiki cha mililita 5 ni mara tano ya dozi. Neno “kijiko” nalo lina shida yake. Kijiko cha chai cha nyumba hii si sawa na cha nyumba ile, na kijiko cha chakula kwa kipimo cha kawaida hubeba mililita 15, mara tatu ya kile cha mililita 5. Ikiwa ndani ya boksi kuna bomba la kupimia au kikombe chenye alama, lebo iseme mililita na itaje chombo hicho kwa jina. Kama hakuna, duka litoe bomba jipya lisilo na sindano kuliko kumwacha mzazi atafute chombo jikoni. Kwa dozi za nusu, iandikwe “mililita 2 na nusu”, kwa sababu nukta ya 2.5 ikifutika na utomvu wa dawa, kinachobaki ni 25.

Saa pia zinataka uangalifu ambao mifumo ya kompyuta haina. Lebo iliyochapishwa “07:00” mzazi wa Makorora ataisoma saa saba, akampa mtoto dawa mchana badala ya saa 1 asubuhi. Hali kadhalika, kwa dawa ya mara tatu kwa siku, “kila saa 8” husomwa na baadhi ya watu kuwa saa nane, yaani mara moja tu mchana na mara moja usiku wa manane. Ni salama zaidi kuzitaja saa zenyewe, kwa mfano saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku, ambazo zinaachana kwa saa nane kila moja bila dozi ya usiku wa manane. Mtoto na mama yake nao wanahitaji kulala.

Yapo maneno ambayo ni afadhali yasiwepo. “Baada ya kula” ni mojawapo, nasi huliandika kwa mazoea hata pale lisipohitajika. Amoksilini inaweza kutolewa mtoto akiwa amekula au hajala. Mtoto mwenye homa hukataa uji, mama mtiifu anasubiri ale kwanza, na dozi ya asubuhi inasogea mpaka adhuhuri.

Kuchanganya ni kazi ya dirisha la dawa kila inapowezekana. Unga hugongwagongwa kwanza ili usishikamane chini, maji safi yaliyochemshwa na kupoa huwekwa kwa awamu mbili, chupa hutikiswa kila awamu, kisha povu huachwa litulie ndipo maji yafikishwe kwenye alama. Anayejaza povu likiwa bado juu hudhani amefika, kumbe maji hayajatosha na kila mililita imebeba dawa nyingi kuliko ilivyokusudiwa. Kwa mtoto mkubwa anayehitaji chupa mbili, ya pili itolewe ikiwa bado unga na lebo yake iseme: “Usichanganye mpaka chupa ya kwanza iishe”, pamoja na maelezo ya maji. Agizo la kutikisa nalo lina sababu: dawa hutuama chini, hivyo asiyetikisa humpa mtoto maji matamu siku za mwanzo na dawa nzito siku za mwisho.

Lebo ibandikwe kwenye chupa. Boksi hutupwa siku ya kwanza, au hugeuzwa kuwa gari la kuchezea. Isifunike jina la dawa wala tarehe ya mwisho ya matumizi, na ikiwa imeandikwa kwa mkono, ifunikwe kwa utepe mwangavu. Pembeni tunachora visanduku 10 ambavyo mlezi ataweka alama kila baada ya dozi. Bibi asiyesoma naye atavitumia, na mama akirudi kutoka kazini hana haja ya kuuliza kama mtoto amepewa. Dozi ikisahaulika, itolewe mara inapokumbukwa, lakini zisitolewe mbili kwa pamoja.

Kabla mama hajaondoka, mfamasia amwombe asome na aonyeshe. “Mama, hebu nivutie dozi ya usiku.” Akivuta mpaka ukingo wa mpira wa ndani ukagusa mstari wa 5, bila kiputo kikubwa cha hewa, lebo imeeleweka. Akiuliza, “Sasa hii itakayobaki niifanyeje?”, arudishwe kwenye mstari wa Jumamosi, ausome mwenyewe kwa sauti. Kisha aelezwe lile ambalo halipaswi kusubiri Jumamosi: mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akipumua kwa shida zaidi, kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, au akivimba uso na kutokwa na vipele baada ya dawa, arudishwe kituoni mara moja, usiku au mchana, na chupa yake mkononi.